Tupeane uzoefu: uthibitisho wa tatizo la kusimama ulikuingia kwa hatua ipi?

NyotaYaPwani

Salaam wakuu. Jana usiku nilimsikia mdogo wangu akijisomea kwa sauti kwa ajili ya mtihani wa nadharia ya ukokotoaji: "Tuchukulie H ipo, tunapata mkinzano, kwa hiyo H haipo." Alikuwa akiyarudia maneno hayo kama shairi, na nilipomuuliza mkinzano wenyewe uko wapi, alinyamaza. Nikakumbuka kwamba hata darasani kwetu wengi walikwama mahali hapo hapo.

Swali mnalijua. Unapewa matini ya programu pamoja na ingizo lake, na unatakiwa useme kama programu hiyo ikiendeshwa kwa ingizo hilo itasimama au itaendelea milele. Tunachukulia kwamba kuna programu moja, H, inayojibu swali hilo kwa kila programu na kila ingizo, inayojibu kwa usahihi, na ambayo yenyewe haikwami kamwe. Kisha tunaitumia kutengeneza hii:

```
def D(p):
    if H(p, p) == "inasimama":
        while True:
            pass
    return
```

D hupokea matini ya programu, huiuliza H kama programu hiyo itasimama ikipewa matini yake yenyewe, kisha hufanya kinyume cha jibu. Hadi hapa hakuna aliyelalamika. Hatua iliyotutenga ilikuwa ile ya kuipa D matini ya D. H ikisema inasimama, D inaingia kwenye mzunguko usioisha, kwa hiyo H imekosea. H ikisema haisimami, D inarudi mara moja na kusimama, kwa hiyo H imekosea tena. Majibu ni mawili tu na yote ni ya uongo, ilhali tulichukulia kwamba H haikosei.

Ninaomba kila mmoja aseme ni hatua ipi iliyomfungulia, ili nimkusanyie kijana.

Hesabu_Tupu

Ni hiyo hiyo, dada. Nami niliipitia mara nyingi kabla haijakaa.

MtotoWaChumbageni

Mada hii imenikumbusha kisa ambacho sitakisahau. Darasani kwetu kulikuwa na kijana mwenye akili nyingi na sauti kubwa. Mwalimu alipomaliza kuandika uthibitisho ubaoni, kijana alisimama akasema kwamba maneno hayo ni mchezo wa lugha, kwa sababu yeye ameshaandika H na iko kwenye kompyuta yake. Darasa zima lilinyamaza. Mwalimu hakukasirika wala hakurudia uthibitisho. Alimwambia tu, "Tuelezee inavyofanya kazi."

H ya kijana ilikuwa rahisi. Iliiga programu iliyopewa, hatua kwa hatua, huku ikihesabu. Programu ikifika mwisho kabla ya hatua 1,000,000, ilijibu "inasimama"; ikivuka hapo, ilijibu "haisimami". Aliijaribu kwa mazoezi yote ya kozi na haikukosea hata moja.

Mwalimu akaichukua H hiyo kama ilivyo, akaandika D juu yake mbele yetu, kisha akatutaka tutabiri. Tuiulize H: je, D ikipewa matini ya D itasimama? H inaanza kuiiga D. Jambo la kwanza linalofanywa na D inayoigwa ni kuiita H, na H hiyo ya ndani nayo inaanza kuiga na kuhesabu hadi milioni. Lakini kila hatua inayohesabiwa na H ya ndani inaigharimu H ya nje zaidi ya hatua moja, kwa hiyo H ya nje inafikisha milioni yake wakati ya ndani ingali njiani, na inajibu "haisimami".

Kisha mwalimu akaiendesha D yenyewe kwa matini yake. Tulisubiri. Ndani yake H ilifanya kazi ile ile, ikatoa jibu lile lile, "haisimami", na D ilipolipokea ikarudi na kusimama mbele ya macho yetu. Kijana aliitazama skrini muda mrefu, kisha akaomba abadilishe kikomo kiwe bilioni moja. Mwalimu akamruhusu, akamwambia kwamba D mpya itakuwa na H mpya ndani yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Uthibitisho si hadithi ya programu ya ajabu inayojipinga. Ni utaratibu: lete H yako, yoyote ile, nami nitakuonyesha ingizo moja mahususi ambalo H hiyo inakosea au inakwama.

Hesabu_Tupu

Kisa hiki kingewekwa kwenye kila darasa. Je, yule kijana alikubali?

MtotoWaChumbageni

Siku ile hakukubali. Alirudi wiki iliyofuata na H isiyo na kikomo chochote, inayoiga hadi programu isimame. Hiyo nayo ina somo lake. Ukiiuliza kuhusu D, inaiiga D, inayoiita H, inayoiiga D, na kuendelea hivyo bila mwisho, kwa hiyo H haijibu kamwe. D kweli haisimami, lakini H haipati kutuambia. Haikusema uongo, ilivunja sharti jingine, lile la kutokwama.

KaziNaDawa

Kwa maelezo haya basi hakuna mtu anayeweza kujua kama programu yoyote inasimama. Nashangaa kwa nini tunahangaika kuandika programu.

Mwalimu_Mstaafu

Ndugu KaziNaDawa, umeshika nusu ya jambo. Kilichokanushwa ni H moja kwa programu zote. Programu moja moja tunaziamua kila siku, na wakati mwingine kwa urahisi. Chukua utaratibu wa Yuklidi wa kutafuta kigawanyo kikubwa cha shirika: kwa 1071 na 462, baki ni 147, kwa 462 na 147, baki ni 21, kwa 147 na 21, baki ni 0, na jibu ni 21. Baki ni namba nzima isiyo hasi, na hupungua kila mzunguko, kwa hiyo hakuna namna ya kuendelea milele. Hoja hiyo inatosha kwa maingizo yote ya programu hiyo.

Sasa chukua programu nyingine fupi: namba ikiwa shufwa igawe kwa mbili, ikiwa witiri izidishe kwa tatu na uongeze moja, na usimame ukifika 1. Ukianza na 27 unapanda hadi 9232 kabla ya kushuka, na unafika 1 baada ya hatua 111. Hapa hakuna aliyewahi kupata kiasi kinachopungua kila wakati, na hadi leo hakuna uthibitisho kwamba programu hiyo inasimama kwa kila namba ya kuanzia. Lakini kutojua huko si sawa na kutoamulika. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili kwenye mtihani.

Mhasibu_Mtulivu

Samahanini wakuu, mimi si mwanafunzi. Ofisini kwetu kuna programu ya kuandaa mishahara ambayo kila mwisho wa mwezi inaganda na hatujui kama inafanya kazi au imekwama. Je, mnamaanisha haiwezekani kujua?

KaziNaDawa

Izime baada ya nusu saa, uanze upya.

Hesabu_Tupu

Usiizime, unaweza kuharibu kumbukumbu za malipo katikati. Mwombe aliyeiandika aonyeshe kwenye skrini ni mfanyakazi wa ngapi anashughulikiwa. Namba hiyo ikisonga, inafanya kazi. Ikibaki pale pale, angalau mtajua ni kumbukumbu ya nani inayostahili kuchunguzwa. Nadharia hii haikukatazi kuichunguza programu yako moja.

Bw_Saketi

Mimi napinga mjadala mzima. Kompyuta halisi ina kumbukumbu yenye ukomo, kwa hiyo hali zake zinahesabika. Ikirudia hali iliyokwisha kupitia, bila kupokea kitu kipya kutoka nje, imenaswa milele. Basi tatizo linaamulika na uthibitisho wenu hauhusu mashine yoyote iliyopo duniani.

Mwalimu_Mstaafu

Hoja yako ni sahihi kwa sehemu yake ya kwanza, na ninaiheshimu. Lakini itazame kwa vipimo. Kumbukumbu ya baiti 1024 tu ina biti 8192, kwa hiyo hali zake ni 2^8192, namba yenye tarakimu 2467. Hakuna atakayesubiri zirudiwe. Tena mkaguzi wako anayehesabu hatua anahitaji nafasi ya kuihifadhi hesabu hiyo, nje ya kumbukumbu anayoikagua. Naye mwanahisabati Turing, katika makala yake ya 1936, alitumia mashine yenye utepe usio na kikomo.

Bw_Saketi

Ugumu wa kusubiri ni jambo moja na kutowezekana ni jambo jingine, mwalimu. Umetoka kutuonya tusichanganye vitu viwili.

Mwalimu_Mstaafu

Kweli, na hapo sitakupinga. Nadharia inahusu mashine zisizo na kikomo cha kumbukumbu. Tofauti yetu ni kama mfano huo unaifaa kompyuta halisi, na mimi nasema unaifaa.

Bw_Saketi

Nami nasema hauifai.

DadaWaAlgorithimu

Kwa kijana wa NyotaYaPwani: asianze na D. Achore jedwali. Safu zilalazo ni programu, safu wima ni matini zake, na kila kisanduku kina jibu la H. Asome ulalo kutoka kona ya juu, abadili kila jibu, na hiyo ndiyo tabia ya D. Kwa kuwa D imetofautiana na kila safu kwenye ulalo, haiwezi kuwa mojawapo ya safu, ilhali ni programu. Kwangu jedwali lilieleza kwa nini tunaandika H(p, p), jambo ambalo msimbo peke yake haukunieleza.

MtotoWaChumbageni

Mimi ningemshauri kinyume chake: aiendeshe D kwanza, jedwali baadaye.

NyotaYaPwani

Ahsanteni sana. Nimemsomea kisa cha milioni na macho yamemfunguka. Sasa ameniuliza swali ambalo sina jibu lake: je, tukiiruhusu H iseme "sijui" badala ya kukosea?

Mwalimu_Mstaafu

Swali zuri kuliko yote ya leo. Mwambie aitengeneze D ile ile: ikisikia "inasimama" izunguke milele, ikisikia jibu jingine lolote isimame. H isiyosema uongo haiwezi kusema "inasimama", wala haiwezi kusema "haisimami", kwa hiyo inabaki na "sijui" tu. Nasi tulio nje tunajua kwamba D inasimama, kwa kuwa H hujibu daima. Basi aiongezee H kanuni moja: ukiona matini hii ya D, sema inasimama. H imeboreka na bado haisemi uongo. Kisha atengeneze D kutokana na H hiyo iliyoboreshwa, na alete jibu lake hapa.