Last week imepewa tiki, yesterday imekatwa! Huu ni usahihishaji gani?

Mwanangu wa gredi ya nane amerudi jana na karatasi ya Kiingereza, mpaka sasa damu inanichemka. Sentensi hii imepewa tiki: “My uncle has travelled to Malindi last week.” Hii ya jahazi la babu yake imekatwa kwa wino mwekundu: “He must have left yesterday.” Pembeni kaandikiwa kuwa yesterday haikai na have. Kama haikai, mbona last week imekaa pale juu?

Darasani wamefundishwa kwamba penye -me- watie have. Sasa hapa Lamu sote twasema “mjomba amesafiri wiki iliyopita” na hakuna anayeshtuka, kwa hiyo mtoto kaitafsiri vile vile. Kiingereza hakikubali. Ukishataja wiki iliyokwisha, ni “travelled” tu. “Has travelled” ni pale usipotaja lini, unataka tu ijulikane kwamba mjomba sasa hayupo. Nimempigia mwalimu, kaniambia nitulie, ni alama moja!

Baharia wa Mkomani: Dada, dawa ni moja: ukiona yesterday, futa have. Kwenye jahazi mwalimu hakukosea.

Bi Ubao: Kaka, amekosea kote kuwili. Ukifuta have pale itabaki “must left”, na hicho si Kiingereza. Baada ya must, may au could hakuna njia nyingine ya kurudisha kitendo nyuma. Have hiyo inafanya kazi ya -li-: bila shaka aliondoka jana. Tena dawa yako itaua “She has been sick since yesterday”, ambayo ni sahihi, maana ugonjwa ulianza jana na bado upo. Usiliwinde neno yesterday. Uliza sentensi inajibu “lini” au “tangu lini”.

Mapokezi Malindi: Mimi wageni wangu Waitaliano kila siku ni “I have arrived yesterday”. Kwa lugha yao ndivyo wasemavyo, na funguo ya chumba nawapa. Kelele za nini?

Mwenye uzi: Mgeni wako hasahihishiwi mtihani. Wangu anasahihishiwa, na ile tiki ndiyo inayomfundisha kosa.

Kijana wa Langoni: Na this morning je? Niliandika “I have seen him this morning”, nikakatwa.

Bi Ubao: Ukisema saa nne asubuhi ni sawa, asubuhi haijaisha. Saa nane mchana ni “saw”. Karatasi ilikuambia ni saa ngapi?

Kijana wa Langoni: Haikusema.

Bi Ubao: Basi mimi nisingekukata.

Baharia wa Mkomani: Mimi ningekata. Na kuhusu must bado sijakubali.

Mwenye uzi: Kesho asubuhi niko mlangoni kwa mwalimu mkuu na karatasi mkononi. Sentensi zote mbili zisahihishwe upya, na darasa zima liambiwe.