Mjadala: Usomaji wa mwisho wa kila mteja, ROW_NUMBER au LATERAL?

Kijana wa Pasua (Moshi): Wakuu, tuna mradi wa maji wenye wateja 6,000. Jedwali la `wateja` lipo, na la `usomaji` lina historia yote ya mita. Skrini ya kaunta inataka usomaji wa mwisho wa kila mteja wa kata moja. Ofisini tumegawanyika: wengine wanataka iwe kanuni kutumia ROW_NUMBER kila mahali, wengine LATERAL. Databesi ni PostgreSQL 15. Tuweke kanuni gani?

Mzee wa Kiboriloni: Wekeni ROW_NUMBER, mlale usingizi. Kila anayejua SQL anaisoma na kuielewa, na mkihamia databesi nyingine mnahama nayo.

```sql
SELECT * FROM (
  SELECT u.*, ROW_NUMBER() OVER (
    PARTITION BY mteja_id
    ORDER BY tarehe DESC, id DESC) AS rn
  FROM usomaji u) x
WHERE rn = 1;
```

Mambo ya kusema ni nzito ni ya zamani. Tangu toleo la 15, PostgreSQL ikiona unataka `rn = 1` haiendelei kuhesabu ikishavuka moja. Na ukiweka sharti la mteja kwa nje, yenyewe inalisukuma ndani. Vijana wanapenda LATERAL kwa sababu ni ngeni machoni, basi.

Dada wa Njiro (Arusha): Shikamoo mzee. Hayo mawili yote yana ukweli, ila yanaishia katikati.

La kwanza, toleo la 15 linaacha kusoma kabisa pale ambapo hakuna PARTITION BY. Ukigawa kwa mteja, ikimaliza rekodi ya kwanza ya mteja namba 1 inaacha kumhesabia namba, sawa, lakini lazima ipite juu ya rekodi zake zote zilizobaki ndipo imfikie mteja namba 2. Haina pa kurukia. Kinachopungua ni hesabu, usomaji wa jedwali uko palepale.

La pili, sharti linasukumwa ndani likiwa juu ya safu ile ile ya PARTITION BY. Ukiandika `WHERE mteja_id = 17 AND rn = 1`, atasomwa mteja 17 peke yake na kwiri itakuwa nyepesi sana. Huyu kijana hana namba ya mteja mkononi, ana jina la kata, na kata iko kwenye jedwali la `wateja`. Akiunganisha kwa JOIN nje ya dirisha la ROW_NUMBER, PostgreSQL itapanga usomaji wa wateja wote 6,000, halafu ndiyo itupe wasio wa Pasua. Hapo ndipo LATERAL inapostahili:

```sql
SELECT w.id, w.jina, u.tarehe, u.uniti
FROM wateja w
LEFT JOIN LATERAL (
  SELECT tarehe, uniti FROM usomaji
  WHERE mteja_id = w.id
  ORDER BY tarehe DESC, id DESC
  LIMIT 1) u ON true
WHERE w.kata = 'Pasua';
```

Inaanza na wateja wa kata, na kwa kila mmoja inaingia kwenye indeksi ya `(mteja_id, tarehe, id)`, inachukua rekodi ya mwisho na kutoka. Usiandike CROSS JOIN hapo. Mteja aliyefungiwa mita jana na hajasomwa bado atapotea kwenye skrini, na ndiye atakayekuja kaunta kuuliza.

Mhasibu wa Tengeru: Jamani mbona mnajitesa? Mimi kwenye chama chetu cha akiba natumia `MAX(id)` kwa kila mwanachama, nachukua salio, nimemaliza. Rekodi za zamani kama zinawasumbua si mzifute?

Kijana wa Pasua: Mama, kufuta hatuwezi, mteja akilalamikia bili tunarudi mpaka miaka ya nyuma. Na `MAX(id)` kwetu haifai. Wasoma mita wanapanda Kibosho na Old Moshi na simu, huko juu mtandao unakatika. Msomaji anasoma tarehe 3, simu yake inatuma tarehe 9. Katikati mteja amekuja ofisini na picha ya mita ya tarehe 6, imeingizwa. Usomaji wa tarehe 3 unapata `id` kubwa kuliko wa tarehe 6. Ukifuata `MAX(id)`, mita inarudi nyuma.

Mhasibu wa Tengeru: Haya, yenu ni maji. Kwetu kila muamala unaingia kwa mpangilio, na kosa linarekebishwa kwa muamala mpya, hakuna kinachoingia nyuma ya kingine. Kwangu `id` kubwa ndiyo ya mwisho na sibadilishi.

Dada wa Njiro: Na kwako uko sahihi, mama.

Mzee wa Kiboriloni: Njiro, nakubali la kata. Lakini ripoti ya mwisho wa mwezi inataka wateja wote 6,000. Hapo LATERAL itaingia kwenye indeksi mara elfu sita! Dirisha linapita mara moja tu. Hilo unalikataaje?

Dada wa Njiro: Silikatai, inategemea historia ina urefu gani kwa mteja mmoja. Tupige hesabu ya kalamu.

PostgreSQL inasoma kwa kurasa za kilobaiti 8. Rekodi ya usomaji ni fupi, tuseme zinaingia takriban 130 kwenye ukurasa mmoja. Mita zikisomwa mara moja kwa mwezi kwa miaka 6, kila mteja ana rekodi 72, jumla 432,000. Jedwali zima ni kurasa kama 3,300. LATERAL kwa kila mteja inashuka ngazi 3 za indeksi na kugusa ukurasa mmoja wa jedwali, yaani miguso 4 mara 6,000, sawa na 24,000. Nyingi ni za kurasa zilezile za juu ambazo tayari ziko kwenye kumbukumbu, lakini bado umegusa mara nyingi kuliko kurasa zote za jedwali. Kwa ripoti hiyo mzee anaweza kushinda, na hata akishindwa tofauti haitamuumiza mtu.

Sasa mradi ufunge mita zinazotuma usomaji kila saa. Wateja ni walewale 6,000. Kwa siku zinaingia rekodi 144,000, kwa mwaka zaidi ya milioni 52, kurasa kama 400,000. Indeksi imeongezeka ngazi moja tu, kwa hiyo LATERAL inagusa mara 5 kwa mteja: 30,000. Dirisha linapita juu ya rekodi zote milioni 52 ili kubakiza 6,000. Historia imekua zaidi ya mara mia, na LATERAL imepanda kutoka 24,000 hadi 30,000. Kwa hiyo namba ya kutazama ni rekodi ngapi kwa mteja mmoja. Idadi ya wateja peke yake haikwambii kitu.

Mzee wa Kiboriloni: Hesabu nimeielewa. Ila wana mita za kila saa? Hawana.

Kijana wa Pasua: Hatuna. Wafadhili wanazizungumzia tu.

Fundi wa Sakina (Arusha): Mimi nitie chumvi. LATERAL bila indeksi ni balaa kuliko dirisha bila indeksi. Dirisha likikosa indeksi linapanga jedwali mara moja, linachelewa, linamaliza. LATERAL ikikosa, inaweza kupita jedwali zima kwa kila mteja. Nimeona hiyo kwa mteja wangu mmoja hapa mjini: ripoti ya sekunde chache ikawa ya kwenda kunywa chai na kurudi, kisa mtu alifuta indeksi akidhani haitumiki. Kwenye `EXPLAIN ANALYZE` ukiona `Seq Scan on usomaji` ndani ya `Nested Loop`, na `loops` ni sawa na idadi ya wateja, usitafute mchawi mwingine.

Upande wa dirisha, tazameni mstari wa `Sort Method`. Ukisoma `external merge`, maana yake upangaji umezidi `work_mem` na umeenda kuandika kwenye diski. Kiwango cha kawaida ni megabaiti 4, na rekodi 432,000 hazitoshi humo.

Mzee wa Kiboriloni: Si indeksi ile ile ya `(mteja_id, tarehe, id)` inaondoa huo upangaji?

Dada wa Njiro: Kwa LATERAL inatosha, kwa sababu mteja ni mmoja na PostgreSQL inaisoma kinyumenyume. Dirisha lako linataka wateja kwa kupanda na tarehe kwa kushuka, na indeksi hiyo haina mpangilio huo, uisome mbele au nyuma. Uiunde `(mteja_id, tarehe DESC, id DESC)`, itawafaa wote wawili.

Na kijana, `tarehe` yako ni NOT NULL? Kwa DESC, PostgreSQL inatanguliza NULL. Usomaji ulioingizwa bila tarehe utakuwa ndio "wa mwisho" wa mteja huyo milele, kwa njia zote mbili. Ukikimbilia kuandika NULLS LAST kwenye kwiri, ujue indeksi nayo lazima iundwe hivyo hivyo, la sivyo haitatumika kupanga. Bora uzuie NULL tangu mlangoni.

Fundi wa Sakina: Kuna jambo hamjagusa. Simu za wasoma mita, app yao inahifadhi kwenye SQLite, au siyo? SQLite haina LATERAL. ROW_NUMBER inayo tangu toleo la 3.25 la 2018. Mkisema LATERAL ni kanuni ya kila mahali, kwa simu imekufa siku ya kwanza.

Kijana wa Pasua: Kweli, ni SQLite. Sikuifikiria. Nimejaribu zote mbili kwenye nakala ya databesi sasa hivi, indeksi ya Dada nimeiunda. Kata ya Pasua ina wateja 412. LATERAL inaonyesha `Index Scan` yenye `loops=412`, inarudi papo hapo. Dirisha lenye JOIN ya kata lilisoma rekodi zote kama Dada alivyosema, halafu mstari wa kuunganisha ukabakiza wa Pasua. Ripoti ya wateja wote, sioni tofauti ya maana.

Mzee wa Kiboriloni: Basi skrini ya kaunta LATERAL, ripoti na simu ROW_NUMBER. Ila mimi kwenye mradi wangu naacha moja. Vijana wanaokuja na kuondoka kila baada ya miezi, sitaki wakute mitindo miwili.

Fundi wa Sakina: Mzee, hata huo mmoja watauharibu.

Kijana wa Pasua: Swali lililobaki. Kuna safu ya `hali`, usomaji mwingine haujathibitishwa na msimamizi. Nimeongeza `hali` kwenye SELECT ya ndani ya LATERAL, nikaweka `AND u.hali = 'sawa'` mwishoni kabisa, na wateja kadhaa wametoweka.

Dada wa Njiro: Wametoweka kwa sababu usomaji wao wa mwisho haujathibitishwa, na sharti la nje linamwondoa mteja mzima, hata LEFT JOIN haimwokoi. Ukiliingiza ndani, kabla ya LIMIT, utapata wa mwisho *kati ya zilizothibitishwa*, labda wa miezi miwili nyuma. Ni majibu mawili tofauti, na kwa ROW_NUMBER mtego ni ule ule.

Mhasibu wa Tengeru: Bili isitoke kwa namba isiyothibitishwa. Liwekwe ndani.

Fundi wa Sakina: Halafu mteja alipe kwa usomaji wa miezi miwili nyuma, na mwezi unaofuata apigwe bili ya miezi mitatu kwa mkupuo? Mimi ningemwonyesha wa mwisho kama ulivyo, na alama kwamba bado.

Kijana wa Pasua: Hilo nitalipeleka kwa msimamizi, SQL haiwezi kuniamulia.