Ujumbe mmoja kwa watu watatu

Kikundi: Ukoo wa Babu (wanachama 23)

*Jumatatu usiku*

Mama Salim: Habari za jioni, ndugu zangu. Kwa kuwa Yusufu atakuwa kazini Alhamisi hadi saa tano na nusu, nimeisogeza mbele ziara yetu ya kwa Babu. Nimekwisha kumwandikia Babu, afisa ardhi anayekuja kukagua mawe ya mpaka, na rafiki yake Yusufu mwenye pikapu. Wote nimewapelekea ujumbe huu: "Tunapenda kuwataarifu kwamba ziara ya Alhamisi imesogezwa mbele hadi saa 8:00. Tafadhali zingatieni mabadiliko haya." Naomba kila mmoja athibitishe kwamba amesoma.

Mama Salim: Naona alama za kusoma kumi na saba, lakini jibu hakuna.

Zuhura: Mimi nimezingatia mabadiliko haya, Mheshimiwa Mwenyekiti.

Mjomba Idi: Mama Salim, ujumbe huo mmoja umewaendea wote watatu, na Babu akiwamo?

Mama Salim: Shikamoo, Mjomba. Ndiyo, wote watatu, ili pasiwe na mkanganyiko.

Mjomba Idi: Marahaba. Mkanganyiko umekwisha kuingia. Nimekaa mbele ya mashine ya kupigia chapa barua miaka mingi, na neno "kutaarifu" nalijua linakokaa: ni la mtu ambaye jambo limekwisha kuamuliwa bila yeye. Ukimtaarifu mzee saa ya kufika nyumbani kwake, umemwambia kwamba nyumba si yake. Halafu umemwandikia mtu mmoja "kuwataarifu" na "zingatieni", naye ataona wazi kwamba maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili yake.

Yusufu: Mjomba, shikamoo. Nadhani hapo hakuna kosa kubwa, kwa sababu neno "tafadhali" limo. Tukiongeza "samahani" mwanzoni, ujumbe unamfaa mtu yeyote.

Mjomba Idi: Marahaba, mwanangu. "Samahani" ni sawa kabisa, tena itangulie. Lakini "tafadhali zingatieni" bado ni amri, ila imevalishwa kanzu. Kwa mzee kitenzi chenyewe ndicho kinachobadilika: "tunaomba uturuhusu tufike mchana," au "ukiridhia, tungefika mchana." Hapo saa inabaki mkononi mwake, na akikataa hajavunja mpango wa mtu. Pia huombi kwa maandishi. Unapiga simu, unasalimia, unamjulia hali mpaka salamu ziishe, unataja sababu, ndipo unaomba.

Baba Nuru: Sababu iwe moja tu, jamani. Mimi nilimwandikia mama mkwe sababu nne za kuchelewa kwenda kumwona, na zote zilikuwa za kweli. Akamwuliza mke wangu ni ipi kati ya hizo niliyoitunga mwisho. Ila sijaelewa: kwani tunaahirisha kwenda kwa mama mkwe wangu?

Zuhura: Baba Nuru, mama mkwe wako hayumo katika ajenda. Mwache apumzike.

Mama Salim: Tusitoke nje ya mada. Je, ujumbe kwa afisa nao una kosa? Yeye si mzee wetu, na jambo rasmi linataka lugha rasmi.

Mjomba Idi: Lugha yake ni rasmi, lakini maelezo hayatoshi. "Imesogezwa mbele" wengine huelewa kwamba imecheleweshwa, na wengine kwamba imewahishwa. Saa ya zamani hukuitaja, tarehe haimo, na hiyo 8:00 yako haisemi kama ni asubuhi au mchana.

Zuhura: Hilo ni kweli, Babu Mjomba. Mimi nimeingiza 8:00 kwenye kalenda ya simu yangu, nayo imeniwekea kengele ya saa mbili asubuhi.

Mjomba Idi: Basi mwandikie hivi, Mama Salim, na uweke tarehe kwenye nafasi: "Ndugu Afisa, tulikubaliana ufike kukagua mawe ya mpaka siku ya Alhamisi, tarehe …, saa 4:00 asubuhi. Kwa kuwa mmoja wa wahusika atakuwa kazini hadi mchana, naomba ukaguzi ufanyike siku hiyo hiyo saa 8:00 mchana. Iwapo saa hiyo haikufai, naomba unipangie siku nyingine ya kazi. Samahani kwa usumbufu." Mwisho weka jina lako kamili na namba ya simu. Afisa humwulizi hali ya magoti wala humwiti mjomba, na saa unaitaja wewe, kwa sababu anataka kitu cha kuandika kwenye shajara yake.

Mama Salim: Nimetuma sasa hivi kama ulivyoandika.

*Jumanne asubuhi*

Yusufu: Naomba niseme jambo. Rafiki yangu wa pikapu, ambaye tumekua naye na hula kwetu bila kukaribishwa, amenijibu hivi: "Ndugu Yusufu, taarifa yenu imepokelewa na inafanyiwa kazi." Nilipompigia aliniuliza nimekosewa nini hata aandikiwe kama mdaiwa.

Zuhura: Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto.

Yusufu: Nilimwambia tu, "Alhamisi tutoke saa sita badala ya saa mbili, mafuta juu yangu," akasema sawa na simu akaikata. Sikuomba radhi wala sikutoa sababu. Ningeanza kumwomba radhi, angejua kweli kuna tatizo.

Mama Mdogo: Nimesoma yote tangu jana na nimenyamaza. Mama Salim, hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza Babu alikaa kwenye kile kiti akitusubiri.

Mama Salim: Mama Mdogo, shikamoo. Habari ya kiti tulikwisha kuizungumza na ikaisha.

Mama Mdogo: Marahaba. Iliisha kwenu ninyi.

Mama Salim: Siku ile ujumbe niliutuma mapema, ni mtandao uliouchelewesha. Tafadhali tubaki kwenye Alhamisi. Afisa amejibu "imepokelewa", lakini hakusema kama saa imemfaa au la. Nimwulize tena, au nisubiri?

Baba Nuru: Mwulize tena. Kupokea si kukubali.

Mjomba Idi: Mwulize kesho asubuhi, kwa swali moja: "Naomba kuthibitisha kwamba utafika saa 8:00 mchana." Usimwandikie mara mbili kwa siku moja. Babu yenu nitampigia mimi jioni.

*Jumanne jioni*

Babu: Wajukuu zangu, nimewasomeni. Ujumbe niliupata jana. Sikuombwa, nimetaarifiwa. Alhamisi nipo nyumbani kwangu, lakini saa bado sijaitoa. Kiti nimekiingiza ndani.

Mama Salim: Shikamoo, Babu. Tunaomba radhi sana, Babu.

Yusufu: Shikamoo, Babu. Tumekosa.

Zuhura: Shikamoo, Babu.

*Jumanne usiku*

Mama Salim: Mjomba, samahani kwa kukusumbua usiku huu. Umempigia? Mwenye pikapu anataka kujua kama ni saa sita au la, na mimi sijui nimjibu nini.

Mama Salim: Mjomba?

Mjomba Idi: Nimempigia. Tumezungumza kuhusu mguu wake, kuhusu mvua na kuhusu yule jirani, lakini kwenye saa sijafika, maana kila nilipokaribia aliniuliza habari za watoto. Nitapiga tena kesho asubuhi. Mwenye pikapu mwambie asichukue kazi nyingine mchana, ila saa usimtajie.