Tupeane uzoefu: hasara ya gudwili mliigawaje kwenye mali za kitengo?

MhasibuMoro: Wakuu, habari za kufunga mahesabu. Nina kiwanda cha unga tulichokinunua kikiwa hai, na mali zake hazizalishi fedha moja moja, kwa hiyo tunakipima kizima. Kwa mamilioni: gudwili 120, jengo 250, mashine 150, magari 100. Jumla 620. Tumepata thamani ya matumizi 400, kukiuza kungeleta chini ya hapo. Hasara ni 220. Nyie mliigawaje?

Leja Safi: Sisi tuligawa kwa uwiano kwenye mali zote, gudwili ikiwemo. Wakaguzi wakatuambia turudie.

Mzee wa Mizania: Walikuwa sahihi. IAS 36 inataka gudwili iliwe kwanza mpaka iishe. Hapo zimeondoka 120, zimebaki 100, na hizo ndizo zinazogawanywa kwa uwiano wa thamani ya vitabuni: jengo 50, mashine 30, magari 20. Ila usipitishe bado. Jengo lingeuzwa bei gani leo?

MhasibuMoro: Mthamini kaandika 230. Mashine na magari hatujaweza kuvithaminisha kimoja kimoja.

Mzee wa Mizania: Basi jengo halishuki chini ya 230, linabeba 20 tu. Zile 30 zilizokosa pa kukaa zinahamia kwa mashine na magari kwa uwiano wa 150 kwa 100, yaani 18 na 12. Ingizo linakuwa hivi:

```
Debiti   Hasara ya kushuka thamani   220
  Krediti   Gudwili                  120
  Krediti   Jengo                     20
  Krediti   Mashine                   48
  Krediti   Magari                    32
```

Hakiki kwa kujumlisha kilichobaki: 230, 102 na 68. Ni 400 kamili. Uchakavu wa mwaka ujao uanzie kwenye namba hizo.

Fremu Kariakoo: Mimi nililipa kilemba kwa mpangaji aliyekuwepo nikachukua fremu. Na mimi nikipime hivi kila mwaka?

Mama Hesabu: Hapana ndugu yangu, wewe hukununua biashara, ulinunua nafasi ya kupanga. Kilemba kinaingia kwenye haki ya kutumia fremu na kinachakaa kwa muda wa mkataba.
MhasibuMoro, sisi tulinunua asilimia 80 tu, na gudwili kwenye vitabu ilikuwa ya sehemu yetu peke yake. Kabla ya kupima tuliikuza: 120 gawanya kwa 0.8, ikawa 150. Usipofanya hivyo unalinganisha gudwili pungufu na mapato ya kiwanda kizima.

Leja Safi: Biashara ikichangamka mwakani si inarudishwa?

Mzee wa Mizania: Ya mashine, jengo na magari inaweza kurudi, lakini isivuke pale ambapo thamani ingekuwa baada ya uchakavu kama hasara isingetokea. Ya gudwili hairudi kabisa.

Mama Hesabu: Ile 230 ya mthamini imeshatoa dalali na wakili? Kama gharama za kuuza ni 10, kikomo cha jengo ni 220, na mashine zinashuka kwa 42, magari 28.

MhasibuMoro: Ripoti haisemi. Nampigia kesho asubuhi kabla sijapitisha ingizo.