MREJESHO: Mlinzi wa usiku na chati ya EUR/USD

Niliuliza: "Nalinda ghala usiku, macho kwenye chati ya simu hadi asubuhi. Nitalalaje bila kupitwa na bei?"

Wakuu, asanteni sana. Niliweka arifa ya `Crossing` kwenye 1.0850 ndani ya TradingView, nikalala. Ikaniamsha saa nne asubuhi, soko la London lilipofunguliwa: utambi wa mshumaa uligusa bei hiyo kisha ukarudi. Nikafuata ushauri wenu, nikachagua `Once Per Bar Close` kwenye chati ya saa moja. Sasa inasubiri mshumaa ufungwe upande wa pili wa mstari ndipo ilie.

Kuna jambo la simu pia. Android ilikuwa inazima programu ili kuokoa chaji, arifa zinachelewa. Nimeiondolea kizuizi hicho, na kwenye hali ya usisumbue nimeiruhusu yenyewe na simu za nyumbani tu.

Nikiwa na biashara wazi, arifa pekee haitoshi, maana haifungi chochote. `Stop Loss` inakaa kwa dalali hata simu ikizima, ingawa Jumatatu bei ikifunguka kwa pengo inaweza kufunga mbali zaidi. Kwa hiyo Ijumaa nafunga zote kabla ya kwenda lindoni.