Mpox, tetekuwanga au surua? Tupeane uzoefu: ulijuaje, na ulijitengaje kwenye nyumba ya kupanga?

Mama Wawili, Changamwe

Jana jirani kanipigia hodi na mtoto aliyejaa vipele. "Wewe si uliuguza Mpox? Hebu nitazamie." Nikatazama, nikaona sina uhakika. Basi natoa yangu, nanyi mtoe zenu.

Mume wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba na kuvuka. Oktoba 2024 alirudi na homa, kichwa, na mgongo unauma hata kujigeuza kitandani ni kazi. Tukapima malaria, hamna. Kesho yake vikatoka vipele vinne vitano usoni. Binti yetu alikuwa ameugua tetekuwanga mwezi wa nane, kwa hiyo dukani kwa dawa hawakutaka maneno mengi: "Ameambukizwa na mtoto." Tukapewa losheni ya kalamaini na piritoni, tukarudi.

Nilishtuka wakati wa kumpaka. Tetekuwanga ya mtoto niliipaka kwa mikono yangu wiki nzima, naijua. Yale malengelenge yalikuwa laini kama tone la umande, ukiligusa limepasuka, na mtoto alijikuna usiku kucha. Vya baba yake vilikuwa vigumu, kama punje ya dengu iliyofukiwa chini ya ngozi, na vingi vimebonyea katikati kama kitovu. Vilimuuma zaidi ya kumwasha. Na vilikuwa viganjani na kwenye nyayo. Mtoto hakuwa na hata kimoja huko. Nikashika shingo, tezi zimevimba. Kinenani mitoki. Hapo ndipo aliponiambia, macho chini, kwamba vilianzia sehemu za siri siku mbili kabla ya uso, akaona haya kusema.

Hospitali walisugua vipele viwili kwa kijiti cha pamba, wakapeleka maabara. Siku ya tatu wakapiga simu: Mpox. Hali yake haikuwa mbaya, wakaruhusu auguzwe nyumbani. Nyumbani penyewe ni vyumba sita, wapangaji watano, choo kimoja. Hapo ndipo nilipopata taabu, na nitaeleza nikipata nafasi.

Chande wa Mikumi

Mimi nilipata malengelenge shingoni na kwenye mkono, yanachoma kama moto. Mke wangu alikuwa amesikia redioni habari za Mpox, akanitolea mkeka nje. Nimelala na mbwa siku mbili! Kwenda zahanati, daktari akacheka: ni yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, anayefuata taa usiku wakati wa mvua, wanamwita Nairobi flai. Ukimponda juu ya ngozi maji yake yanababua.

Nesi wa Zamu

Chande, hiyo si ya kuambukiza kabisa, lakini umefanya vizuri kuileta maana wanakuja wengi na hofu hiyo. Ya mdudu huwa imekaa kama mstari wa kuungua, pale ulipompangusa. Ukiwa ulikunja kiwiko, utaona alama mbili zinazotazamana. Mwili mzima hauumwi, homa kwa kawaida hamna. Mkeo akurudishe ndani.

Mama Wawili, ulivyogundua ndivyo tunavyofundishwa kuangalia: viganja, nyayo, tezi, na ugumu wa kipele. Kuna jambo moja hukulitaja. Ukimtazama mtoto wa tetekuwanga siku ya tatu, kwenye tumbo hilohilo moja utaona chekundu kipya, pembeni lengelenge, pembeni kigaga. Vinatoka kwa mafungu. Vya Mpox kwenye sehemu moja ya mwili mara nyingi hukomaa pamoja: vyote maji, kisha vyote usaha, kisha vyote vigaga.

Ila nawaomba msiifanye hiyo sheria. Kwenye mlipuko huu nimeona mtu mzima mwenye vipele viwili tu sehemu za siri, homa hana, kimoja kibichi na kingine kimeshakauka. Kwa macho ungesema ni kaswende au malengelenge ya zinaa. Jibu lilitoka maabara.

Mzee wa Ujiji

Macho yamedanganya wakubwa kuliko sisi. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali kule Merka, Somalia, Ali Maow Maalin, Oktoba 1977. Kwanza walimtibu malaria. Vipele vilipotoka wakasema tetekuwanga. Na hiyo ni hospitali, tena wakati ambapo ndui ilikuwa ikisakwa nyumba kwa nyumba.

Sisi wa zamani hatuna wasiwasi na Mpox. Tunayo alama ya chanjo ya ndui mkononi. Hiyo ni kinga tosha.

Nesi wa Zamu

Shikamoo mzee. Nusu nakubali. Virusi hivyo ni ndugu, na chanjo ile inasaidia. Lakini imepita zaidi ya miaka arobaini, na wenye alama wamewahi kuugua Mpox. Ukimuuguza mjukuu, vaa glavu na barakoa kama sisi wengine.

Mzee wa Ujiji

Marahaba. Glavu nitavaa. Lakini ndui nimeiona kwa macho yangu nikiwa mtoto, nyie mmeisoma.

Bibi Harusi wa Bukoba

Yangu ni ya surua na bado inaniuma. Mwanangu ana mwaka na nusu, alianza na mafua, kikohozi, macho mekundu yanayotoa machozi, homa kali siku nne. Nikidhani mafua tu. Kisha vipele vikaanza nyuma ya masikio, vikashuka usoni, kifuani, mpaka miguuni. Havikuwa na maji hata kimoja, ni wekundu uliotandaa kama ramani. Dada yangu akasema ni Mpox, nikambeba mbio hospitali, nikakaa naye kwenye benchi saa mbili na nusu kati ya watoto wengine. Nesi wa mlangoni hakuuliza kitu. Daktari alipomwona tu akasema surua, akampa vitamini A. Chanjo ya miezi tisa alipata, ya mwaka na nusu ndiyo tulikuwa hatujaenda.

Baada ya wiki moja na nusu hivi, watoto wawili wa mtaani kwetu waliokuwa benchi lile wakapata. Mama zao hawajui ni mimi.

Nesi wa Zamu

Usijibebeshe yote, dada. Surua inaambukiza siku nne kabla ya vipele kutoka na siku nne baada, kwa hiyo ulipojua ilikuwa imeshatembea. Tena inaelea hewani, hata ukitoka chumbani hewa yake inabaki kwa muda wa hadi saa mbili. Ndiyo maana kitu cha kwanza kwa mtoto mwenye homa na vipele ni kupiga simu, au kumwacha mtu naye nje chini ya mti na wewe uingie kusema. Wampitishe mlango mwingine.

Na mnaona tofauti: surua inaanza na kikohozi na macho mekundu na haina malengelenge. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kuitenga na Mpox. Zinazochanganya watu ni Mpox na tetekuwanga.

Furaha wa Bukavu

Huku kwetu watoto wanapata zote mbili pamoja. Mtoto wa dada yangu alikuwa na vipele vya kuwasha tumboni, vya namna namna, na vingine vigumu usoni na viganjani. Sisi tukabishana, mmoja anasema tetekuwanga, mwingine Mpox. Walipopima wakakuta zote. Kwa hiyo mtu akiwaambia "ana tetekuwanga, basi hana ile", msimwamini.

Chande wa Mikumi

Sasa kama zinaweza kuwa pamoja, tofauti inatusaidia nini sisi wa nyumbani?

Nesi wa Zamu

Inakusaidia kujua wa kumkimbiza apimwe. Kumtenga unamtenga yeyote mwenye homa na vipele mpaka ijulikane. Kinachobadilika ni siku. Surua, siku nne toka vipele vitoke. Tetekuwanga, mpaka malengelenge yote yakauke yawe vigaga, mara nyingi ni wiki hivi. Mpox haikomei kwenye kigaga. Kigaga chenyewe kina virusi. Unangoja cha mwisho kidondoke na ngozi mpya ijifunike chini yake, wiki mbili mpaka nne.

Mama Wawili, Changamwe

Hapo ndipo tulipogombana na mume wangu! Siku ya kumi na tano vyote vimekauka, akasema amepona, tajiri wake anampigia simu. Nikakataa. Cha mwisho kilidondoka unyayoni siku ya ishirini na nne, ngozi ya pale ilikuwa ya pinki, nyororo.

Sasa ya choo. Tulikuwa na vyumba viwili, yeye akapewa cha ndani chenye dirisha, mimi na watoto cha mbele. Sahani, kikombe, taulo na ndoo yake. Wapangaji nilikusanya nikawaambia ukweli. Mmoja alihama kwa ndugu yake, wengine tukapanga zamu. Yeye anaingia chooni na bafuni wa mwisho, amevaa barakoa, suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Akitoka, mimi naingia na glavu, nafuta kitasa, bomba, ndoo na sakafu kwa maji ya jiki: kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji, naiacha dakika kumi ndipo nasuuza. Nachanganya mpya kila siku. Shuka zake sikuzikung'uta, maana vigaga vinapeperuka. Nazikunja kwa ndani, moja kwa moja kwenye maji moto na sabuni.

Sisi wengine tulijipima joto kila siku kwa siku 21. Mtoto mdogo alipata joto siku ya tisa, nikalia. Ikawa masikio.

Mzee wa Ujiji

Jiki hiyo na mwilini pia apake kidogo, inakausha.

Nesi wa Zamu

Hapana mzee! Ya asilimia hiyo inababua ngozi, na kidonda kikifunguka bakteria wanaingia. Ngozi aoshe kwa maji safi na sabuni ya kawaida. Wanaooga maji ya mwarobaini sigombani nao, mradi mtu asijisugue, na maji yale yasitumiwe na mwingine.

Mama Wawili, jambo jingine ambalo huwa hawaulizi: baada ya kupona, mtumie kondomu wiki 12. Virusi vimewahi kuonekana kwenye shahawa.

Mama Wawili, Changamwe

Hilo hawakutuambia. Nashukuru.

Mtoto wa jirani nimemtazama tena asubuhi kwa taa ya simu: viganja safi, tumboni vipo vya kila aina, anajikuna. Nimemwambia apige simu kituoni kabla ya kwenda. Hajarudi kunijibu.

Na godoro? Sisi tulilichoma.

Nesi wa Zamu

Haikuwa lazima. Mngelifunika nailoni toka mwanzo, mngefuta jiki mkasuuza mkalianika.

Mama Wawili, Changamwe

Lilikuwa la inchi nane.