Uso wa duara: wigi, rasta au nywele za klipu?

Mwanaidi_K: Uso wangu wa duara na paji ni pana. Nina wigi fupi linaloishia kwenye taya, nikilivaa mashavu yanajaa zaidi. Halafu kufikia jioni paji limekuwa wazi kuliko asubuhi. Nibadilishe wigi, nisuke rasta au nibandike klipu?

tausi88: Suka rasta ndefu, njia katikati, zibane nyuma. Uso utarefuka.

MsusiMkongwe: Urefu unasaidia kweli, Tausi, lakini ukizibana nyuma, paji na mashavu yote yanabaki nje. Mwachie njia ya pembeni na rasta chache ziteremke mbele ya masikio hadi chini ya kidevu. Wigi lake linakatia pale pale uso ulipo mpana, ndiyo maana mashavu yanajaa. Ila paji kuzidi kuwa wazi jioni si suala la umbo la uso, ni wigi linapanda. Mwanaidi, pima kichwa nywele zikiwa zimesukwa chini kama unavyozisuka ukivaa wigi. Zungusha futi ya fundi kuanzia nywele zinapoanza mbele, pitisha nyuma ya sikio, chini ya kisogo, urudi upande wa pili.

Mwanaidi_K: Nimepata sentimita 59. Wigi limeandikwa saizi ya wastani.

MsusiMkongwe: Saizi ya wastani huwa kama 56 au 57. Na ile mikanda ya ndani haitakusaidia, kazi yake ni kupunguza. Livae, kisha inamisha kidevu mpaka kifuani. Nyuma likipanda, ni dogo. Tazama pia vile vipande vya mbele ya masikio: viwe usawa mmoja, vilale bapa, visiguse sikio.

neema_dada: Mimi nywele za pembeni zimekatika, na kila nikisuka natoka vipele vidogo kwenye paji. Nihamie klipu?

MsusiMkongwe: Vipele hivyo ni dalili kwamba nywele zimevutwa mno, mdogo wangu. Fumua, upumzishe kichwa. Klipu nazo zinaning'inia kwenye nywele zako mwenyewe, usizibane hapo pembeni. Nywele zisiporudi, muone daktari wa ngozi.

tausi88: Asuke zisizo na fundo, zile hazivuti.

MsusiMkongwe: Zinavuta kidogo tu pale kwenye mzizi wa nywele. Lakini ukizishusha hadi kiunoni, uzito uko pale pale.

Mwanaidi_K: Nimeinamisha kichwa, nyuma limepanda vidole viwili! Sasa nikipata kubwa, liishie wapi?

MsusiMkongwe: Nywele za mbele zishuke chini ya kidevu. Na punguza unene wa mistari uliyosuka kisogoni, kisha pima tena kabla ya kununua. Huenda 59 ikashuka.

tausi88: Mimi bado nasema rasta. Wigi likishika jasho mtu hakai nalo siku nzima.

Mwanaidi_K: Hilo la jasho ni kweli. Napima upya kesho nikishasuka.